Mkopo wa asilimia 2 kumbe ghali kuliko wa asilimia 3

Tuseme unataka milioni moja na umeletewa ofa tatu. Ya kwanza wanakwambia riba 2% kwa mwezi, miezi 12. Ya pili 3% kwa mwezi, miezi 12. Ya tatu 2.5% kwa mwezi ila miezi 24, na rejesho lake dogo kama elfu 56 tu. Wengi wanakimbilia ya kwanza au ya tatu, mimi nazipanga hivi.

Namba moja ni ile ya 3%. Riba yake ni ya salio linalopungua, yaani kila ukilipa deni linashuka na riba inakokotolewa kwenye kilichobaki. Haina ada, rejesho ni kama 100,460, mpaka unamaliza umelipa kama 1,205,500.

Ya mwisho kabisa ni hiyo ya 2%. Hiyo ni riba flati bwana, kila mwezi wanakukata 20,000 kwa hesabu ya milioni nzima hata kama umeshalipa karibu yote, angalia mwezi wa 12, deni lililobaki ni 83,333 na bado riba ni 20,000, hiyo ni 24% kwa mwezi mmoja! Jumla unarudisha 1,240,000. Halafu wanakata mapema ada ya mkopo 30,000 na bima 10,000, kwahiyo mkononi unapata 960,000 tu. Gharama halisi ni 280,000, sio 240,000. Ukitaka riba yake ya kweli, fungua eksel uandike:

```
=RATE(12,-103333,960000)
```

Namba ya kwanza ni miezi, ya pili rejesho (usisahau alama ya kutoa), ya tatu ni hela uliyoshika mkononi, sio iliyoandikwa kwenye mkataba. Jibu ni kama 4.2% kwa mwezi. Ndio ile ile waliyoitangaza 2%.

Ya tatu naiweka katikati na hapa ndo pagumu. Ni salio linalopungua, ada 10,000, riba ya kweli kama 2.6%, ndogo kuliko zote. Lakini ukikaa nayo miezi 24 unalipa jumla 1,342,000 hivi, juu yake na ile ada, yaani hela nyingi kuliko zote, kwa sababu umekaa na deni la watu muda mrefu. Naichukua tu kama rejesho la laki litanibana, au kama mkataba unaruhusu kumaliza mapema bila faini na riba ya miezi iliyobaki inafutwa. Hilo liwe limeandikwa, afisa mikopo kusema "haina shida" haitoshi, na kwenye flati mara nyingi ukimaliza mapema wanadai riba yote vilevile.

Kabla ya kusaini omba ratiba ya marejesho. Kama safu ya riba ina namba ile ile toka mwezi wa kwanza mpaka wa mwisho, hiyo ni flati, hata wakiiita jina gani.