Hii apu ya kushedyuli posti, kwenye fidi haina shida, kwenye stori imenitoa roho

Nauza viatu vya shule Instagram, na kipindi kile shule zinakaribia kufunguliwa ndo nikalipia hii apu maana siwezi kuhudumia wateja dukani huku nimeshika simu. Jina silitaji, wenyewe watajijua.

Niwe mkweli, posti za fidi inatuma vizuri mno. Unapakia picha, unaandika kepsheni, unachagua saa, unalala. Hata ikichelewa robo saa nani atajua? Posti ipo palepale, wiki ijayo mtu ataikuta. Ilifika mahali bei ya jumla ikapanda asubuhi, nikaingia nikaedit kepsheni, bei mpya ikakaa, maisha yakaendelea.

Sasa njoo kwenye stori. Nilikuwa na ofa inaisha Jumamosi saa 2 usiku. Stori inaishi masaa 24 kuanzia dakika iliyopanda, haisubiri usiku wa manane ndo ihesabu siku, kwa hiyo nikahesabu kurudi nyuma, nikaishedyuli Ijumaa saa 2 usiku ili ife pamoja na ofa. Ukiiweka mapema zaidi inapotea watu wakiwa bado wananunua, ukiiweka usiku sana kesho yake inaendelea kutangaza bei ambayo haipo na wateja wanakuja na skrinshoti kukugombeza. Kwenye fidi hesabu hii haipo kabisa.

Nikatengeneza picha nzuri, kiatu cheusi, chini mshale mwekundu na maneno BONYEZA HAPA UAGIZE, na ndani ya apu nikaweka stika ya linki juu ya ule mshale, linki inayompeleka mtu moja kwa moja Wasapu yangu. Na stori naitakia hiyo hiyo linki, maana linki ukiiandika kwenye kepsheni ya fidi haibonyezeki.

Saa 2 ikafika, apu ikaniletea tiki ya kijani: imetumwa. Naenda kuangalia, stori ipo kweli, picha ipo, mshale upo, STIKA HAIPO. Mshale unaonyesha hewani! Na kwa vile nimeuweka upande wa kulia, mtu akibonyeza pale anarushwa stori ya mtu mwingine. Yaani nimelipa hela yangu kuwafukuza wateja wangu mwenyewe.

Nikawaandikia kastama kea. Dada mmoja akanijibu, "Dada yangu, mbona ni stori tu, si kesho inapotea yenyewe?"

Jamani. Kupotea kwenyewe ndo tatizo lenyewe! Ingekuwa fidi ningerekebisha taratibu. Stori ikishapanda hakuna kuedit, ni kuifuta na kuipandisha upya, na ukiifuta wale walioshaiona wameshapita, ile orodha ya walioitazama inaondoka nayo, saa inaanza kuhesabu upya na ofa yangu haiongezeki hata dakika. Nikaifuta, nikaipandisha kwa mkono nikiwa nimesimama kwenye daladala, nikaiwekea linki mwenyewe, na Jumamosi usiku nikakumbuka kuitoa.

Baadaye kijana mmoja anayeshughulika na peji za watu akanielewesha, mlango ambao Instagram imewafungulia apu za nje unapitisha picha au video tupu, stika za linki, kura na vitu hivyo hazipiti. Sawa, basi kosa la kuzuia si lao. Lakini kwa nini waniruhusu kuweka stika kwenye skrini yao halafu waitupe kimyakimya na kunipa tiki ya kijani? Hiyo tiki ndo inaniuma kuliko yote.

Wana njia nyingine, unachagua ukumbushwe, saa ikifika simu inalia, unafungua, picha ipo tayari, unaweka stika mwenyewe na kutuma. Inafanya kazi, siwezi kusema uongo. Ila hiyo si kushedyuli, hiyo ni alamu, na alamu simu yangu inayo ya bure. Na kama una stori za kufuatana, mfano video ya kiatu kwanza halafu picha ya bei, usizipange dakika moja, video inachelewa kuchakatwa, picha inaitangulia, watu wanaona bei ya kitu ambacho hawajakiona. Mimi naacha dakika kumi katikati.

Nilitaka kuipa nyota moja. Naipa tatu, kwa ajili ya fidi tu, na mwezi huu nimelipia tena. Hapana, mbili. Yule dada wa "ni stori tu" ameila moja.