Mabawa ya nzi au ya chonga: yapi bora?

Huku Mikindani, kwenye miembe na minazi, wote wawili tunao: nzi, na chonga, yule mbawakawa wa minazi. Kwa wepesi nzi hana mpinzani. Anarukia mabawa mawili tu. Ya nyuma yamebaki virungu vidogo vinavyopanda mabawa yakishuka. Mwili ukigeuka ghafla, shina la kirungu huhisi msukumo, na misuli ya bawa hurekebisha papo hapo. Vikate, nzi ataanguka.

Chonga huruka kizito, agonge taa, aanguke chali. Lakini kazi yake ni kutoboa kilele cha mnazi. Humo mabawa laini ya kurukia hukaa yamekunjwa chini ya mabawa magumu ya mbele, wala hayachaniki. Nzi hana kifuniko hicho, na bawa lililochanika haliponi. Wa kukwepa makofi achukue ya nzi. Wa kuchimba, ya chonga.