Nilienda kutiwa pemu ya mawimbi Mtwara, wakaniharibia robo tatu ya kichwa

Naandika nikiwa na hasira bado, kwa hiyo mnivumilie. Nina nywele nene, nyingi, zimenyooka kama njiti za chelewa. Sisi asili yetu Kachi kule India, wazee walishuka Mikindani na jahazi zamani hizo, tumebaki huku huku kusini, mi nimezaliwa Lindi na nywele za ukoo nimezirithi zote. Ukizikata fupi zinasimama, ukiziacha ndefu zinalala kichwani kama kofia. Siku zote nimetamani zile zenye mawimbi kidogo tu, mtu akikuona asijue kama umefanya kitu.

Kabla sijaenda popote mke wangu alinisuka mabutu sita usiku nywele zikiwa mbichi, asubuhi akafumua. Aisee nilijipenda, mawimbi mapana, sura imebadilika. Ila hayo ni ya maji tu, kufika saa sita na hili joto la pwani yashalala yote. Lakini nilishajua mawimbi yananifaa, kilichobaki ni namna ya kuyafanya yakae, na cha kuyafanya yakae ni pemu, yaani kusokotwa kwenye rola na kutiwa dawa ya kuzikunja nywele. Hilo la mabutu nashauri kila mtu alifanye kwanza, haligharimu kitu na unajiona kwenye kioo kabla hujatia dawa kichwani.

Basi msimu wa korosho uliopita nikapata vijisenti, nikapanda gari mpaka Mtwara mjini, kuna saluni moja ya kina dada nilielekezwa kwamba wanafanya kalikiti vizuri. Saluni siitaji. Kalikiti na pemu ya mawimbi dawa yake ni ndugu moja, thayoglaikoleti, inafungua vile viungo vya salfa ndani ya unywele ili ukubali umbo jipya. Tofauti ni kwamba kwenye nywele za kipilipili wanaanza na krimu ya kulainisha kwanza ndo wanasokota, za kwangu zimeshanyooka, hatua hiyo hairuhusiwi kabisa, unasokota moja kwa moja. Hapo alinielewa. Bei tukakubaliana elfu arobaini.

Hakuniuliza kama nimewahi kutia relaksa, hina au rangi nyeusi. Mimi sijawahi, lakini kaka yangu anapaka rangi nyeusi kila mwezi, angekaa yeye kile kiti ingekuwaje? Nywele zilizopita relaksa ya kostiki ukizitia hii dawa zinakatika, na zile rangi na hina zilizochanganywa chumvi za madini zinaweza kuchemka mtu akiwa amekaa. Swali la nusu dakika tu na hakuliuliza.

Akatoa rola. Za kwanza alizoshika zilikuwa nyembamba kama penseli, nikamwambia dada hizo hapana. Nywele zangu za juu zilikuwa sentimita kumi hivi, ukizizungusha kwenye penseli zinazunguka mara nne na zaidi, hapo unatoka na vipilipili vya kubana, sio mawimbi. Nilitaka zile nene kama kidole gumba, zinazunguka mara moja na nusu, hiyo ndo inatoa wimbi. Ungekuwa na sentimita sita hazimalizi hata mzunguko mmoja, ncha inajikunja kama ndoano basi. Akakubali kwa kununa, akawa anasokota nyuma na utosini, kuna binti msaidizi wake akapewa upande wa kushoto mbele, rola nne. Pembeni nilikuwa nimenyoa fedi, huko hakukuguswa.

Dawa ikapakwa. Zimepita kama dakika kumi nikamwambia kwa adabu kabisa, "Dada, naomba ufungue rola moja tuangalie." Hiki kitu sikukitunga mimi. Unafungua rola kiasi tu, huvuti, unausukuma unywele kidogo kuelekea kichwani, ukijikunja herufi S inayoonekana vizuri, upana wake sawa na rola, dawa imeshafanya kazi. Ukiwa bado umelala lala unarudisha unasubiri. Hakuna njia nyingine ya kujua, saa haikwambii kwa sababu nywele za watu hazifanani.

Jibu lake sitalisahau. "We kaka, kazi hii nimeianza hujaota ndevu. Nywele za Kihindi hizo, laini, zinashika chapchap. Tulia nifanye kazi yangu." Wateja wote wakageuka. Niko pale na mfuko wa nailoni kichwani, nimelipa hela yangu, naambiwa mbele za watu kama mtoto. Halafu alichosema sio kweli! Nywele nene zilizonyooka ndo ngumu kushika, magamba ya nje ya unywele yamebanana, dawa inaingia taratibu, zinahitaji muda mrefu kuliko nywele nyembamba. Yeye aliona zimenyooka akajua ni laini. Kunyooka na ulaini ni vitu viwili. Shika unywele mmoja wa kwangu uuviringishe kwenye vidole, utaona unavyogoma.

Sasa hapa ndo pananiuma zaidi. Maji yalikuwa yamekatika tangu asubuhi na hakuniambia. Ile dawa ya kwanza inatakiwa ioshwe rola zikiwa bado kichwani, maji ya uvuguvugu yanayotiririka dakika tano nzima, na kwa nywele nyingi kama zangu hata zaidi, halafu ukaushe rola moja moja kwa taulo mpaka zisidondoke. Yeye kachota kata mbili kwenye ndoo, kamwaga, basi. Taulo hakugusa. Juu ya nywele zinazochuruzika akamimina nyutralaiza. Nyutralaiza ndo inayofunga vile viungo vilivyofunguliwa, ni haidrojeni peroksaidi, ukiimwaga kwenye maji inazimuliwa na inatiririka kwenda shingoni, kwenye unywele haikai. Inatakiwa itulie kama dakika tano rola zikiwepo. Hazikupita mbili akaanza kuzitoa nyuma kwa sababu kuna mteja wa kusuka amefika. Pamba aliyonizungushia masikioni ilikuwa imelowa dawa tangu mwanzo hajaibadilisha, sikio la kulia lilibabuka wiki nzima.

Alipofika utosini simu yake ikaita akatoka nje. Yule binti akanisogelea, hajasema kitu, akachukua kata iliyobaki akawa anamimina taratibu kwenye zile rola nne zake, akarudia na chupa ya maji ya kunywa ya kwake mwenyewe, akakausha kila rola kwa taulo akiibonyeza, akapaka nyutralaiza upya moja baada ya nyingine na akaangalia saa ya ukutani. Akafungua nusu ya rola moja akanionyesha kwenye kioo cha mkononi. S hiyo hapo, pana, imekaa.

Nikatoka pale kichwa chote kina mawimbi na nikasema labda nimemwonea yule dada. Kweli nilisema hivyo. Siku mbili sikuzilowanisha, kama inavyotakiwa. Siku ya tatu nikaziosha kwa maji tu, nyuma na utosini vikalala vyote, zimenyooka kama sijawahi kufanya kitu, na ni kavu sasa. Mbele kushoto mawimbi manne yamebaki pale pale, mazuri, kama nimezaliwa nayo. Kinyozi wangu Lindi akaniangalia akaniuliza, "Nnjomba, nani kakufanyia hivi?"

Nikarudi Mtwara. Nauli yangu tena. Akaniambia, "Nywele zako zina kiburi, sio kosa langu," na kwamba nikitaka arudie muda ule ule niongeze elfu arobaini nyingine. Nikiwa mlangoni binti akaniambia kwa sauti ya chini, "Usikubali kaka, zitakatika." Na ni kweli, nywele ambazo dawa imezifungua halafu hazikufungwa vizuri zimeshachoka, ukizitia tena ndani ya siku chache zinakuwa kama uzi wa zamani. Jambo jingine la kuangalia, zikiwa zimelowa zinajikunja vizuri halafu zikikauka zinatimka tu bila umbo, hizo zimepitilizwa, hapo hata usiwaze kurudia. Zangu zikilowa zikikauka zimenyooka vile vile, maana yake kufunga hakukuwepo.

Kwa hiyo mtu akiniuliza pemu inamfaa mwanaume mwenye nywele nene zilizonyooka, kwa hasira nilizonazo nasema usifanye, baki na mabutu yako ya usiku. Ila nikijiangalia kioo upande wa kushoto siwezi kusema hivyo. Yale manne yanakana kila kitu ninachotaka kusema. Kichwa ni kile kile, dawa ile ile, siku ile ile, kilichotofautiana ni mikono na maji. Inafaa. Tena kwa nywele nene inapendeza kuliko nyembamba kwa sababu uzito unayavuta mawimbi chini kidogo, yanalegea, hayakai kama ya saluni.

Lakini hapo hapo kuna kitu ambacho hata binti hawezi kukitibu. Nywele zinakua kama sentimita moja na robo kwa mwezi na zinazoota zinaota zimenyooka. Mwezi wa kwanza huoni kitu. Sasa hivi imefika miezi mitatu, nina karibu sentimita nne za mizizi iliyosimama halafu ghafla wimbi linaanza katikati, na kwa nywele nene ule mpaka unaonekana mpaka ng'ambo ya barabara. Mwenye nywele nyembamba anaweza kuuficha, sisi hapana. Aidha unakata kila wiki kadhaa na kurudia mizizi tu kwa mtu anayejua asiguse zilizopita dawa, au unafanya mara moja unakaa nayo miezi mitatu unanyoa. Kama ulidhani ni ya kudumu, achana nayo, utalia.

Mimi nyuma na utosini nimeshanyoa, mbele nimegoma kukata. Binti nimechukua namba yake, anasema akipata chumba Chikongola atafungua ya kwake, kaniambia niache zifike sentimita kumi tena na nisipake chochote. Nikamuuliza maji yatakuwepo? Akasema atanunua simtanki kwanza kabla ya viti.

Yule dada elfu arobaini yangu bado naidai.