Visanduku tisa au vigezo vya nafasi?

Kuna njia mbili za kuamua mfanyakazi yupi apandishwe cheo au aendelezwe. Ya kwanza ni jedwali la visanduku tisa, ambalo huweka utendaji wake upande mmoja na uwezo wake wa kukua upande mwingine. Chimbuko lake ni miaka ya 1970, washauri wa McKinsey walipoisaidia kampuni ya General Electric kupima biashara zake, si watu. Njia ya pili ni kumpima mtu kwa vigezo vya nafasi anayoiwania.

Kwa muda, jedwali linashinda: mameneja sita wanaweza kujadili wafanyakazi 60 kwa siku moja. Vigezo huandikwa nafasi kwa nafasi, na kazi ikibadilika huandikwa upya.

Kwa kuaminika, mambo hugeuka. Utendaji una ushahidi, lakini uwezo mara nyingi ni hisia za bosi. Chukua muuzaji aliyevuka malengo miaka miwili mfululizo. Meneja anampa utendaji wa juu, kisha uwezo wa juu, kwa sababu ileile: anauza sana. Sifa moja imehesabiwa mara mbili. Dalili yake ni karibu majina yote kujipanga kwenye mshazari. Vigezo vya msimamizi wa mauzo vingeuliza kama amewahi kumfundisha mgeni kazi, au kukadiria mauzo ya robo mwaka. Pengo likionekana, unajua afundishwe nini.

Kama nafasi moja iko wazi, mimi ningeanza na vigezo. Kama unagawa bajeti ya mafunzo kati ya idara nyingi, jedwali linatosha, mradi kila alama ya uwezo iambatane na tukio lililoandikwa.