Zulia la 240 kwa 340 chini ya meza ya watu 6: uzoefu wangu, Mtwara

Nianze na kosa ambalo wengi wetu hulinunua. Zulia la sentimita 160 kwa 230 likiwa limetundikwa dukani huonekana kubwa. Litandike chini ya meza ya watu 6 yenye sentimita 90 kwa 150, na kinachobaki nje ya meza ni sentimita 35 kila ubavu na 40 kila upande wa kichwani. Viti vikiwa vimeingizwa ndani, linapendeza. Mtu akivuta kiti, miguu ya nyuma inashuka sakafuni na ya mbele inabaki juu ya zulia, kiti kinalalia nyuma, na akijisogeza mezani miguu ile inakumba pindo. Uzi wa pindo huanza kufumuka pale pale viti vinapopita. Ukikuta zulia limeharibika hivyo, usilaumu kiwanda, kipimo ndicho kilichokosewa.

Kipimo kinaanzia kwenye kiti. Kivute hadi kinapofika mtu anapoinuka, si anapokaa, kisha pima kutoka ukingo wa meza hadi mguu wa nyuma. Kwa viti vyangu vya mninga ilikuja 58. Nikaongeza 10, kwa sababu hakuna anayevuta kiti kwa rula, ikawa 68 kila upande. Upana unaohitajika ni 90 na 68 mara mbili, yaani 226. Urefu ni 286. Sasa angalia zulia la 200 kwa 300, ambalo wauzaji hulitaja haraka kwa meza ya watu 6: urefu linatosha, lakini ubavuni linaacha 55 tu, na ubavuni ndiko waliko watu wanne kati ya sita. Ziada ya urefu haikusaidii kitu huko. Ndiyo maana nikaenda 240 kwa 340, inayoacha 75 ubavuni na 95 kichwani.

Kabla ya kulipa, tandika doti mbili za kanga chini ya meza, kanga nne kwa mpango wa mbili kwa mbili. Kanga moja ina takriban 150 kwa 110, kwa hiyo unapata karibu 300 kwa 220. Inua viti uviweke mahali vinapofika vikivutwa, usiviburute, kanga itafuata. Miguu ikitoka nje ya kanga, unahitaji zulia kubwa zaidi ya hapo. Fungua na mlango pia, maana zulia nene huuzuia.

Chumba changu ni mita 3.6 kwa 4.2, na kabati la vyombo liko ukuta wa kichwani. Kabati lina kina cha sentimita 40, na zulia likikaa katikati lingeishia kwenye miguu yake kabisa. Nimelisogeza sentimita 10 upande wa pili bila kugusa meza. Kichwani limebaki 85 upande wa kabati na 105 upande mwingine, yote yanazidi 68. Ubavuni nisingethubutu, kwani ziada huko ni sentimita 7 tu.

Nyuzi zake ni polipropilini, zimefumwa bapa, hazina manyoya. La manyoya marefu liacheni sebuleni. Chini ya meza linameza punje za wali na miiba ya samaki, na miguu ya kiti inazama. Mkonge ni zao letu la Tanga na nyuzi zake ni ngumu, ila hunywa maji na kuacha alama hata maji matupu yakimwagika, na mvua za Desemba hadi Aprili zinaupa ukungu. Mkeka wa ukili unavunjika chini ya miguu ya kiti.

Polipropilini hainywi maji. Mchuzi wa bizari ukimwagika, nakwangua kwa kijiko, nakandamiza kitambaa chenye maji na sabuni ya vyombo kidogo, nikianzia pembeni mwa doa kuelekea katikati. Ukisugua unalitandaza. Udhaifu wake ni mafuta: yakiachwa hadi kesho yanashika uzi na kuvuta vumbi, pale panakuwa peusi. Na usiburute kabati zito juu yake, joto la msuguano huacha mstari unaong'aa usiofutika.

Mpira wa kuzuia kuteleza niliouziwa pamoja nalo sikuutumia. Meza yenyewe inalibana, na mpira wa bei ndogo kwenye joto hili huganda kwenye tailizi. Mchanga nao hupenya kwenye mfumo na kukaa chini, ukisaga nyuzi kwa ndani, kwa hiyo fagio la chelewa juu halitoshi. Kila wiki mbili nainua nusu moja, nafagia tailizi, naacha upande wa chini upate hewa, kisha nusu ya pili.