Buku kila siku au mkupuo wa msimu?

Mama muuza samaki wa Deep Sea, Tanga, akijiunga NSSF kwa hiari, kima cha chini ni 30,000 kwa mwezi. Anaweza kuchangia kwa siku, wiki, mwezi au msimu.

Buku kwa siku haiumi, ila kusi likivuma, ngalawa zikalala ufukweni, siku kumi tu bila kulipa zinaacha pengo la 10,000. Mkupuo wa 180,000 samaki wakiwa tele unafunika miezi sita. Mimi ningechagua mkupuo, mradi hela isipitie kwanza kwenye kibubu (tunavijua vibubu vyetu!).

Pensheni ya uzee hudai michango ya miezi 180. Aanzaye na miaka 45 akikosa mwezi mmoja, akifika 60 ana 179.