Balbu ya jikoni na ya mezani: usianze na wati

Jioni moja nilinunua samaki wawili aina ya ngege Kondele, hapa Kisumu. Nilifunua matamvua chini ya balbu nyeupe ya kibanda, yakaonekana kahawia. Mama aliyeniuzia akasema samaki ametoka ziwani asubuhi hiyo. Nilisitasita, nikachukua. Kesho yake mchana nilirudi kununua wengine kwake, nikawaona kwa mwanga wa jua: matamvua mekundu kabisa, na yeye akaniambia ni mzigo wa aina ile ile ya jana. Nikaelewa kwamba jana samaki hakuwa na shida. Shida ilikuwa taa. Na balbu ya jikoni kwangu ilikuwa ya aina hiyo hiyo.

Wengi wetu tukiingia dukani tunauliza, "Ya wati ngapi?" Wati ni umeme unaoliwa na balbu. Kinachotoka ni lumeni, iliyoandikwa lm, na ndiyo namba ya kwanza ya kutafuta kwenye boksi. Balbu ya zamani ya waya ya wati 60 ilitoa takriban lm 800, na ile ya wati 100 takriban lm 1,500. Hapo una kipimo cha kukagua maneno ya boksi. Likikuambia "9W = 100W" huku pembeni limeandikwa 810 lm, basi ni mwanga wa balbu ya 60, hata kama maandishi ya mbele ni makubwa. Gawanya pia lumeni kwa wati. Balbu za kawaida za LED madukani hutoa kati ya 80 na 110 kwa kila wati. Boksi la wati 9 linalodai lm 1,800 ni la kuliacha kaunta.

Namba ya pili ina herufi K, nayo inaeleza rangi ya mwanga. 2700K na 3000K ni manjano ya joto kama balbu za zamani. 4000K ni nyeupe tulivu. 6500K ni nyeupe yenye ubluu, kama mwanga wa siku ya mawingu, na ndiyo iliyojaa kwenye rafu za maduka yetu. Watu huiona inang'aa zaidi, lakini kama lumeni ni sawa, mwanga ni sawa. Macho yanachukulia ubluu kuwa nguvu.

Namba ya tatu ndiyo iliyonihangaisha mimi na wale ngege. Huandikwa Ra au CRI, na inaeleza jinsi taa inavyoonyesha rangi za vitu kwa uaminifu, 100 ikiwa ndiyo juu kabisa. Balbu nyingi huandikwa Ra 80. Hiyo inatosha kwa korido, ila ina udhaifu mmoja unaougusa moja kwa moja upishi: Ra ni wastani wa rangi nane zilizofifia, na wekundu mkali haumo. Wekundu huo hupimwa peke yake kwa jina R9. Balbu inaweza kuwa na Ra 80 halali huku R9 yake ikikaribia sifuri. Ndiyo maana nyama, nyanya, pilipili na matamvua hugeuka hudhurungi chini yake. Balbu ya Ra 90 kwa kawaida huuonyesha wekundu vizuri zaidi. Hutoa lumeni chache kidogo kwa wati ile ile na bei yake iko juu, lakini kwa jikoni mimi nalipa.

Kwenye taa za mrija utakuta namba ya tarakimu tatu inayobeba mambo mawili. 840 ni Ra ya kuanzia 80 na rangi ya 4000K. 865 ni Ra ya 80 na 6500K. 940 ni Ra ya 90 na 4000K. Mwulize muuzaji namba hiyo badala ya "nyeupe au njano".

Sasa nikupeleke jikoni kwa dada yangu, nyumba ya kupanga hapa Kisumu. Chumba ni mita 3 kwa 2.5, holda moja katikati ya dari, meza ya kukatia imeegemea ukuta. Alikuwa na balbu ya lm 800. Meza ya kukatia inahitaji lumeni 300 hadi 500 kwa kila mita ya mraba, kipimo kinachoitwa laksi. Kutoka darini, baada ya mwanga kutawanyika chumba kizima, nilikadiria kwamba pale mezani hufika laksi 40 hivi. Halafu yeye akisimama kukata sukuma, mgongo wake unaziba balbu na kisu kinafanya kazi ndani ya kivuli chake. Alifikiria kuweka balbu yenye nguvu mara mbili. Ingeongeza mwanga, na kivuli kingebaki pale pale.

Tulifunga mrija wa LED wa sentimita 60, wati 9, chini ya rafu, nusu mita juu ya meza. Umbali ndio uliofanya kazi: chanzo kidogo cha mwanga kikisogezwa karibu mara mbili, mwanga unaofika huongezeka mara nne. Wati hizo tisa sasa zinapita laksi 500 kwenye ubao, na kivuli chake kinaanguka nyuma yake.

Kwa hiyo jikoni mpangilio wangu ni huu. Nafasi ya kwanza ni mrija wa 940 wenye lm 800 au zaidi juu ya meza, na balbu ya kawaida darini. Ya pili, ukikosa 940, ni 840 mahali pale pale. Mahali pana uzito kuliko tarakimu ya kwanza. Ya tatu ni balbu ya 3000K yenye Ra 90 darini, nzuri kama familia inakula humo humo, na ubluu wake mdogo hauvuti sana wadudu wa ziwani dirisha likiwa wazi. Ya nne ni 6500K ya Ra 80. Boksi lisilo na lumeni wala Ra silipangi nafasi yoyote.

Chumba cha kusomea kina mahitaji mengine. Wino mweusi kwenye karatasi nyeupe hauhitaji Ra 90, isipokuwa mwanafunzi anachora au anapaka rangi ramani. Nafasi ya kwanza hapa ni taa ya mezani yenye kifuniko, balbu ya 4000K, lm 500 hadi 800, sentimita 45 hivi juu ya daftari, upande wa kushoto kwa anayeandika kwa mkono wa kulia. Ya pili ni taa hiyo hiyo na balbu ya 6500K, mradi izimwe mapema, kwa kuwa ubluu usiku huchelewesha usingizi. Balbu ya lm 1,500 darini peke yake ni ya mwisho.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aiwashe. Ielekezee kamera ya simu kwa karibu: mistari mizito inayotembea kwenye skrini ni dalili kwamba mwanga unapepesa, na kwa anayesoma kwa muda wa saa mbili hilo huleta kichwa kuuma. Mimi hubeba nyanya iliyoiva mfukoni. Naiangalia mlangoni kwenye jua, kisha chini ya balbu. Hakikisha pia kama holda yako ni ya pini, B22, au ya skrubu, E27. Dada yangu alirudi dukani mara mbili kwa ajili ya hilo.